Mhandisi, Daktari au jina tupu: kipi kitangulie kwenye barua rasmi?

Nimekaa masjala miaka 11, kazi yangu ikiwa kupokea barua, kuzifungua, kuzigonga muhuri wa tarehe, kuziandikisha kwenye rejista na kuziweka kwenye majalada. Katika miaka hiyo swali nililoulizwa zaidi na watu wanaoandika barua halikuhusu aya wala nukta. Waliuliza: "Niandike Mhandisi Fulani, au niandike jina lake tu, au niandike Meneja?" Nitalijibu kwa kuziweka njia hizo ubavu kwa ubavu, na nitaanza na barua moja iliyonifundisha zaidi ya mwongozo wowote.

Kijiji kimoja kilikuwa na kalavati lililoziba upande mmoja na kubomoka upande wa pili. Mhandisi wa barabara wa wilaya alikuwa amefika, akakagua, akawaambia waandike barua rasmi ili kazi iingizwe kwenye mpango kabla ya masika. Mtendaji wa kijiji akaandika. Jina la mhandisi nitaliita Asha Fulani. Anwani ilikuwa hivi:

Mha. Asha Fulani,
Ofisi ya Barabara ya Wilaya,
S.L.P. …

Angeweza pia kuandika hivi:

Meneja wa Wilaya,
Ofisi ya Barabara,
S.L.P. …

Alichagua ya kwanza kwa nia njema kabisa. Mama yule alikuwa amewasikiliza, na kumwita kwa taaluma yake kulikuwa kumpa haki yake. Lakini barua ilipofika, Mhandisi Asha alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine wiki tatu nyuma. Karani aliyeipokea aliona jina la mtu kwenye bahasha akaichukulia kuwa ni ya mtu huyo binafsi. Hakuifungua, na hakukosea, kwa sababu barua yenye jina la mtu masjala haina ruhusa ya kuipasua kama barua ya ofisi. Ikawekwa kwenye trei ya barua za kupelekwa mbele. Ilimfikia mwenyewe baada ya zaidi ya mwezi, naye akairudisha ofisi ile ile. Mvua zilikuwa zimeshaanza.

Ukiitazama barua ile utaona kwamba "Mha." haikuwa kosa la heshima wala la sarufi. Lilikuwa kosa la njia. Ndiyo maana swali la kama taaluma itangulie jina siwezi kulijibu kwa ndiyo au hapana kabla ya kujua barua inakwenda kwa mtu au kwa kiti.

Tunasema "cheo" kwa mambo matatu tofauti, na mkanganyiko mwingi unatoka hapo. Meneja wa Wilaya ni wadhifa: Asha akihamishwa, wadhifa unabaki mezani na mwingine anaukalia. Mhandisi ni taaluma: Asha akihamishwa anaondoka nayo, na akistaafu bado anayo. Mheshimiwa ni neno la heshima linalofuata nafasi kama ubunge, uwaziri au ujaji. Wadhifa unaweza kusimama peke yake kwenye anwani bila jina lolote. Taaluma haiwezi. Huwezi kuandika "Mhandisi, S.L.P. 40" ukategemea bahasha ifike, maana ofisi moja inaweza kuwa na wahandisi sita. Taaluma inahitaji jina, na jina ndilo linaloifanya barua kuwa ya mtu.

Kwa hiyo kwenye anwani ulinganisho ni huu. Ukitaka kazi ifanyike, yaani kibali, ukaguzi, malipo, majibu ya kumbukumbu namba fulani, andika wadhifa na uache jina na taaluma yote. Barua itafunguliwa, itapewa folio kwenye jalada, na yeyote aliyekalia kiti siku hiyo atawajibika nayo. Faida hii inazidi faida ya kumfurahisha mtu. Hasara yake ni kwamba barua inakuwa na ubaridi kidogo, na kama umeshazungumza na mhandisi fulani, yule mpya hatajua. Hasara hiyo ina dawa, nitaifikia.

Ukitaka mtu mwenyewe, andika taaluma na jina. Mwaliko wa kutoa mada, pongezi, rambirambi, barua ya kumteua mjumbe wa kamati au bodi, barua ya kuomba awe mdhamini wa kitaaluma wa kijana wako: hizi zinamtafuta Asha, si kiti chake. Akihamishwa ni vizuri zimfuate. Na hapa kuiacha taaluma kunasikika. Barua ya kumteua mtu kwenye bodi ya maji kwa sababu ni mhandisi, halafu ikaandikwa "Bi. Asha Fulani", inaficha sababu yenyewe ya uteuzi.

Kuna kundi la tatu ambalo watu hulisahau, nalo ni barua na hati zinazohitaji jina la kisheria: mkataba, hati ya kiapo, barua ya benki, barua ya kuthibitisha ajira kwa ajili ya viza. Hapo jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha Taifa au pasipoti, bila Dkt. wala Mhandisi mbele yake. Taaluma si sehemu ya jina. Nimeona barua ya utambulisho ikirudishwa kwa sababu "Dkt." ilichapwa ndani ya nafasi ya jina na mpokeaji akaona majina hayalingani na pasipoti. Ikiwa taaluma ina umuhimu kwenye hati hiyo, iweke kwenye sentensi: "ambaye ni mhandisi aliyesajiliwa, ameajiriwa nasi tangu…"

Sasa salamu. Barua nyingi za ofisi kwa ofisi hapa Tanzania huruka salamu kabisa; baada ya anwani inakuja "YAH:" na kichwa cha habari, kisha "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Ikiwa utaweka salamu kwenye barua ya kiti, "Ndugu," inatosha. Haibagui mwanamume na mwanamke, haihitaji kujua jina, na hakuna anayeweza kusema amevunjiwa hadhi. Kwenye barua ya mtu, "Mhandisi Fulani," au "Dkt. Fulani," linatosha lenyewe. Ninachokushauri ukiepuke ni kurundika: "Ndugu Mhandisi Bi. Asha Fulani". Bw. na Bi. zinakaa kwenye nafasi ile ile ambayo taaluma inakaa. Ukiweka Dkt., Bw. inaondoka. Ukiweka Prof., Dkt. nayo inaondoka, kwa kuwa uprofesa kwa desturi umeimeza. Mheshimiwa peke yake ndiye anayekubali kukaa pamoja na wengine: "Mhe. Dkt. Fulani" ni sahihi, na kama ni mbunge, "(Mb.)" inafuata baada ya jina.

Na kifupi chenyewe kina hatari yake. "Mha." na "Mhe." zinatofautiana kwa herufi moja, na kidole kinachoteleza kwenye kibodi kinaweza kumfanya mhandisi wa wilaya kuwa mheshimiwa, au mbunge kuwa mhandisi. Nimeyaona yote mawili. Kwenye anwani ya mtu mimi huandika "Mhandisi" kwa ukamilifu. Ni herufi chache tu zaidi, na pia inamsaidia msomaji aliyezoea "Inj." asijiulize "Mha." ni nini. "Dkt." haina shida hiyo. Magazeti mengi huandika "Dk." na barua za serikali huandika "Dkt.", chagua moja na uishike barua nzima, ila usichanganye na kifupi cha Kiingereza ndani ya barua ya Kiswahili.

Hadi hapa nimemzungumzia mhandisi na daktari kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo, na tofauti yao inabadilisha uamuzi.

Uhandisi kabla ya jina, kwa Tanzania, unasimama juu ya usajili. Tuna Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 na Bodi ya Usajili wa Wahandisi inayoisimamia. Kijana anayetoka chuo na shahada ya uhandisi anasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu. Baada ya kufanya kazi chini ya usimamizi, kwa kawaida kama miaka 3, ndipo anapoweza kusajiliwa kama mhandisi mtaalamu. Fundi sanifu ana daraja lake mwenyewe la usajili na si mhandisi, hata kama ndiye anayejua kila bomba la mji. Kenya wana sheria yao ya wahandisi ya mwaka 2011 na bodi yao, na huko pia kujiita mhandisi bila kusajiliwa ni kosa la jinai. Kwa hiyo unapoandika "Mhandisi Fulani" humpambi mtu. Unasema jambo ambalo bodi inaweza kulithibitisha au kulikana.

Hapo gharama za kukosea hazilingani. Ukimwandikia mhandisi aliyesajiliwa ukaacha taaluma yake, ataona umepungukiwa adabu kidogo, na pengine hataona chochote. Ukimwandika fundi sanifu kuwa mhandisi kwenye barua inayoambatana na nyaraka za zabuni, umeweka kwenye jalada taarifa isiyo ya kweli, na mkaguzi akiikuta atauliza imetoka wapi. Ukiwa na shaka, acha. Shaka yenyewe huondoka kirahisi: tazama sahihi ya barua aliyokuandikia mwanzo, mpigie katibu muhtasi wake, au tafuta jina lake kwenye orodha ya bodi.

Udaktari una mizizi mitatu, na "Dkt." haikuambii ni upi. Tazama marais. Hussein Ali Mwinyi wa Zanzibar ni daktari wa tiba. John Magufuli alikuwa na shahada ya uzamivu ya kemia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyoipata mwaka 2009. Samia Suluhu Hassan alitunukiwa na chuo hicho hicho shahada ya heshima mwaka 2022. Kwenye barua rasmi wote watatu wanaandikwa Dkt. kwa namna ile ile. Mwandishi wa barua hana kazi ya kupima mizizi hiyo. Anafuata jinsi ofisi ya mwenye jina inavyoandika. Mwalimu Julius Nyerere alitunukiwa shahada za heshima na vyuo vikuu kadhaa, lakini tulimwandika Mwalimu na mpaka leo tunamwandika Mwalimu, kwa sababu hilo ndilo jina la taaluma lililokubalika kwake.

Kwa daktari wa tiba kuna tahadhari moja ya upande wa pili. Kwenye zahanati na vituo vya afya watu humwita "daktari" kila aliyevaa koti jeupe, akiwemo tabibu na hata muuguzi. Midomoni hilo halina madhara makubwa. Kwenye barua lina madhara. Daktari wa tiba wa Tanzania amesoma miaka 5 chuoni na kufanya utarajali wa mwaka 1 kabla ya kusajiliwa na baraza lake. Barua ya mwajiri inayosema "kwa mujibu wa Dkt. Fulani, mfanyakazi anahitaji kazi nyepesi kwa wiki sita" inaegemea uzito wa neno hilo moja. Kama aliyeandika cheti alikuwa tabibu, andika tabibu. Cheti chake kinaweza kuwa halali kabisa kwa ngazi yake, ila usikivike joho lisilo lake.

Watu wengi hukwama kwenye sahihi, kwa kuwa sasa jina ni lako mwenyewe. Hapa msimamo wangu ni mkali kuliko wa wenzangu wengi. Ofisi nyingi leo zinachapa "Mha. Fulani" au "Dkt. Fulani" chini ya sahihi, na chini yake wadhifa kwa herufi kubwa. Mimi nasema jina liwe tupu, wadhifa uwe chini, na taaluma, kama ina kazi kwenye barua hiyo, iwe kwenye mstari wake. Linganisha:

Mha. Asha Fulani
MENEJA WA WILAYA

na

Asha Fulani
Mhandisi Mtaalamu, Usajili Na. …
MENEJA WA WILAYA

Ya kwanza ni fupi, na inamsaidia anayejibu kujua akuite nani. Hilo ni hoja ya kweli, silipuuzi. Lakini ya pili inampa taarifa ile ile na zaidi: inasema daraja, na inatoa namba ambayo mtu anaweza kuihakiki. "Mha." tupu mbele ya jina mtu yeyote anaweza kuichapa. Kwenye ripoti ya ukaguzi wa daraja, kwenye michoro, kwenye cheti cha kazi iliyokamilika, tofauti hiyo ndiyo inayofanya karatasi isimame mbele ya mkaguzi. Hali kadhalika daktari anapojaza PF3 ya majeruhi au kuandika ripoti itakayofika mahakamani: jina, sifa, namba ya usajili, muhuri. Na kwenye barua ya kuomba likizo yako mwenyewe, taaluma haina kazi yoyote. Andika jina na wadhifa, basi.

Ikiwa unasaini kwa niaba ya mkubwa, jambo hili linazidi kuwa muhimu. "Kny: MENEJA WA WILAYA" maana yake mamlaka ni ya meneja na mkono ni wako. Ukitanguliza "Dkt." kwenye jina lako pale, msomaji anaweza kudhani meneja ndiye daktari. Nimeshaona majibu yakirudi yameandikwa "Ndugu Dkt. Meneja" kwa mtu asiye na shahada hiyo.

Barua ikivuka mipaka, desturi inabadilika, na ni afadhali kufuata ya mpokeaji. Neno letu mhandisi ni lile lile muhandis la Kiarabu, na Waarabu hulitanguliza kabla ya jina kwa kawaida kabisa. Barua inayokwenda Maskati au Dubai kwa mhandisi ikimwita hivyo inakuwa nyumbani. Uingereza ni kinyume: mhandisi huandikwa Bwana au Bibi, na sifa zake hufuata baada ya jina kwa herufi za kifupi. Huko huko daktari bingwa wa upasuaji huitwa Bwana au Bibi, si Daktari, na wengi wao hujivunia hilo kwa sababu ni desturi ya zamani ya fani yao. Kijana wetu anayeomba nafasi ya masomo huko akimwandikia daktari wa upasuaji, aangalie kwanza jina lilivyoandikwa kwenye ukurasa wa hospitali au chuo chake.

Sasa ile dawa niliyoahidi. Mwaka uliofuata mtendaji yule alileta barua mpya niitazame kabla hajaituma. Upande uliobomoka ulikuwa umejaziwa mawe tu, na kazi yenyewe ilikuwa bado. Alitaka barua ifike mezani, lakini hakutaka ukaguzi wa mwanzo upotee, kwa kuwa vipimo vilikuwa vimeshachukuliwa. Tukaiandika hivi:

Meneja wa Wilaya,
Ofisi ya Barabara,
S.L.P. …

Kupitia kwa: Afisa Mtendaji wa Kata

YAH: MAOMBI YA UJENZI WA KALAVATI LA MTONI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kalavati hili lilikaguliwa na Mhandisi Asha Fulani, akiwa Meneja wa Wilaya, kabla ya masika ya mwaka jana, na vipimo vyake vilichukuliwa siku hiyo. Tunaomba vipimo hivyo virejewe na kazi iingizwe kwenye mpango wa mwaka huu.

Nafasi ya "Mhandisi" imehamia ndani ya aya, mahali inapofanya kazi mbili: inampa Asha haki yake, na inamwambia meneja mpya kwamba aliyekagua alikuwa na sifa ya kukagua. Anwani imebaki ya kiti. Karani aliifungua siku ilipofika, akaiandikisha, ikaingia kwenye jalada la barabara za kata hiyo, na meneja mpya akaagiza karatasi ya vipimo itafutwe. Ilipatikana kwenye jalada lile lile, folio chache nyuma. Chini kabisa mtendaji, ambaye ana shahada yake na angeweza kuitaja, alisaini jina lake na kuandika AFISA MTENDAJI WA KIJIJI.